Betri ya lithiamu imezibwa pande zote: chaji inayopungua mwaka hadi mwaka huenda wapi?

#1 Mkwajuni (Tanga)

Wakuu, habari za leo.

Nina pikipiki ya umeme ninayofanyia kazi hapa Tanga mjini, kati ya Ngamiani na Raskazoni, na siku nyingine hadi Pongwe. Betri yake imeandikwa "LFP 76.8V 40Ah". Ilipokuwa mpya niliichaji usiku na kushinda nayo barabarani hadi jioni; sasa, baada ya miaka miwili na ushei ya kuichaji karibu kila siku, saa nane mchana naanza kutafuta soketi. Fundi ameifunga kwenye mzigo hadi ikajizima yenyewe, akaniambia imetoa Ah 28 tu, kisha akamaliza kwa maneno mawili: "Lithiamu imeisha."

Jibu hilo limenikaa kooni. Kasha limefungwa kwa skrubu na gundi, halijawahi kuvuja, na nikilinyanyua halionekani kupungua uzito. Kitu kilichofungiwa ndani kinaishaje? Na kama hakijaisha, zile Ah 12 ziko wapi? Naomba mwenye ujuzi aanze kwa kunieleza betri hii ni kitu gani hasa.

#2 Babu Redio

Mjukuu wangu, hiyo betri haijaisha, imezoea vibaya. Nimetengeneza redio na simu za upepo tangu wengi wenu hamjazaliwa, na ninajua kwamba betri inayochajiwa kabla ya kuisha hujenga mazoea ya kukupa nusu tu. Iache iishe kabisa, pikipiki isiwashe hata taa, kisha ichaji usiku kucha. Rudia mara tatu na utaona mabadiliko.

#3 Mwalimu wa Maabara

Babu, shikamoo. Tabia hiyo ilikuwepo kweli kwenye betri za nikeli na kadimi, na ushauri wako ulikuwa wa haki kwa redio zile. Kwa betri ya Mkwajuni, hata hivyo, ushauri huo ni wa hatari. Seli ya lithiamu ikishushwa hadi karibu na sifuri, karatasi ya shaba iliyo upande wa ncha hasi huanza kuyeyuka, na unapochaji tena shaba hiyo huganda mahali pasipo pake, hata inaweza kuunganisha ncha mbili kwa ndani. Mkwajuni, tafadhali usilijaribu hilo.

Sasa swali lenyewe. Ndani ya kila seli kuna karatasi mbili ndefu za metali zilizopakwa unga. Ya alumini imepakwa mchanganyiko wa lithiamu, chuma na fosfeti, na ya shaba imepakwa grafiti, kaboni ile ile inayotiwa ndani ya penseli. Baina yao kuna plastiki nyembamba yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na vyote vimeloweshwa elektrolaiti, ambayo ni chumvi ya lithiamu iliyoyeyushwa katika kimiminika kinachoshika moto. Unapochaji, chaja inazivuta elektroni kutoka upande wa alumini na kuzisukuma kwa waya hadi kwenye grafiti, huku ioni za lithiamu zikipita kwa ndani, kwenye elektrolaiti, na kujipenyeza katikati ya tabaka za grafiti. Unapoendesha, ioni zinarudi zilikotoka kwa njia ile ile ya ndani, lakini elektroni hazina budi kuzunguka kwa nje kupitia mota. Katika safari hizo lithiamu hailiwi wala haichomwi, inahama tu. Ah unazopimiwa na fundi ni hesabu ya lithiamu ambayo bado inaweza kwenda na kurudi.

Tatizo linaanzia kwenye grafiti iliyojaa. Ikijaa, volteji yake hukaribia sana ile ya lithiamu tupu, tofauti ikibaki takriban volti 0.1, na elektrolaiti hizi haziwezi kuigusa katika hali hiyo bila kuvunjika. Kwa hiyo katika chaji za kwanza kabisa, kungali kiwandani, sehemu ya elektrolaiti huvunjika juu ya grafiti na kuacha utando mgumu mwembamba mno, ambao mwanakemia Emanuel Peled aliueleza mwaka 1979. Utando huo unapitisha ioni na kuzuia elektroni, na bila huo seli ingejimaliza mapema sana. Lakini umejengwa kwa lithiamu pia, na lithiamu iliyoingia humo hairudi tena kazini. Kila unapochaji, grafiti hutanuka kwa takriban asilimia 10, utando hupata nyufa, sehemu mpya ya grafiti inabaki wazi, na utando mwingine hujengwa hapo kwa lithiamu nyingine. Fundi wako hakukosea sana: lithiamu ipo yote, ila sehemu yake imefungiwa.

#4 Nyota ya Kusi

Mwalimu, nashukuru, lakini naona umeliacha jambo kubwa zaidi. Kwa ninavyofahamu, kinachochakaa ni ncha chanya. Chembe za unga wake hujaa na kupungua kila mzunguko mpaka zinapasuka, na kipande kilichojitenga na wenzake hakipati tena umeme, kwa hiyo lithiamu iliyomo inabaki humo humo. Hii nimeiona imeelezwa kwa picha za hadubini, chembe zina nyufa kabisa. Isitoshe, lithiamu ni metali inayowaka ikigusa maji, na ndiyo sababu betri hizi zikitobolewa zinawaka moto. Sasa kama ingekuwa inaganda kwenye utando kila siku, si betri kuukuu zingekuwa zinalipuka zenyewe?

#5 Binti Mwera (Muscat)

Salaam kwenu. Na mimi nina tatizo hilo hilo, ila ni la simu. Simu yangu hukaa kwenye gari, na huku majira ya joto gari lililoegeshwa juani ni tanuri. Sasa mgongo wa simu umeinuka, kioo kimeachana na fremu upande mmoja, na chaji haifiki adhuhuri. Je, nikiitoboa kidogo hewa itoke, itarudi kuwa sawa?

#6 Mwalimu wa Maabara

Binti Mwera, usiitoboe kabisa, na kuanzia sasa usiichaji tena. Iweke mbali na vitu vinavyoungua na umpelekee fundi aibadilishe. Kilichoinua kioo ni gesi ya elektrolaiti iliyovunjika, na joto ndilo linaloharakisha uvunjikaji huo. Kesi yako inahusiana na uzi huu zaidi ya unavyodhani, kwa sababu inaonyesha kwamba betri huzeeka hata ikiwa imekaa tu bila kutumika, hasa ikiwa imejaa na ipo kwenye joto.

Nyota ya Kusi, nyufa unazozisema zipo kweli, na picha hizo ni za betri zenye nikeli nyingi kwenye ncha chanya, aina inayotumika kwenye magari mengi ya umeme. Betri ya Mkwajuni ni ya chuma na fosfeti. Unga wake hubadilika ujazo kwa takriban asilimia 7 lithiamu inapotoka, lakini umbo lake la ndani ni imara na linastahimili maelfu ya mizunguko. Katika aina hii, hasara kubwa kwa kawaida huwa ni lithiamu iliyonaswa upande wa grafiti. Kuhusu moto, betri ya kuchaji iliyo nzima haina metali ya lithiamu tupu. Lithiamu iliyomo ni ioni zilizo ndani ya grafiti, fosfeti na chumvi. Kinachowaka zaidi ni kile kimiminika, pale ncha mbili zinapogusana na seli ikapata joto kali. Lithiamu iliyomo kwenye utando tayari imeungana na kaboni, oksijeni na florini, imetulia, haina haja ya kulipuka.

#7 Kisimani (fundi wa sola, Morogoro)

Wakuu, kemia ni nzuri, lakini mmeruka hatua. Mnaeleza Ah 12 zimepoteaje kabla ya kuhakikisha kwamba zimepotea.

Gawanyeni 76.8 kwa 3.2 mtapata seli 24 zilizofungwa kwa kufuatana. Mkondo unaopita kwenye seli moja ndio huo huo unaopita kwenye zote, kwa hiyo msafara huo hauendi mbali kuliko punda wake aliyechoka. Seli moja tu ikishuka hadi volti 2.5, bodi ya BMS inayozilinda seli inakata umeme wote, hata kama nyingine 23 bado zina mafuta ya kufika Pongwe na kurudi. Ah 28 alizopima fundi ni kipimo cha seli iliyo nyuma kuliko zote, si kipimo cha betri nzima.

Mkwajuni, mwambie fundi afungue kasha na apime volti za kila seli katika nyakati mbili: dakika ya mwisho kabla chaja haijakata, na dakika ya mwisho kabla BMS haijakata wakati wa kutoa umeme. Asipime ikiwa imepumzika katikati, kwa sababu seli za aina hii hukaa karibu na volti 3.3 iwe na robo tatu au nusu, na mita haitamwambia lolote. Seli inayojaa kwanza na kuisha kwanza ndiyo imepungua kweli. Seli inayojaa mwisho na kuisha kwanza haijapungua, bali imeachwa nyuma. Wenzake wanaanza safari wamejaa na yenyewe inaanza ikiwa pungufu.

#8 Kaskazini (Oslo)

Naongeza sababu nyingine ambayo haijatajwa. Baiskeli yangu ya umeme niliichaji majira ya baridi ikiwa kwenye kibanda cha nje, na lilipokuja joto ikawa imepoteza sehemu kubwa ya umbali wake kwa msimu mmoja tu. Fundi wa hapa alinieleza kwamba chini ya nyuzi sifuri ioni huingia kwenye grafiti polepole mno, na chaja ikizidi kuzisukuma, hushindwa kuingia na kuganda juu yake kama metali. Hapo ile metali anayoitaja Nyota ya Kusi inapatikana kweli. Nyingine hukatika na kubaki ikielea bila kufanya kazi. Inawezekana betri ya Mkwajuni ina tatizo hili?

#9 Kisimani

Kaskazini, Tanga haijawahi kufika nyuzi sifuri tangu iitwe Tanga. Kaka, huku hata maji ya mtungini tunayatamani yawe baridi.

#10 Mwalimu wa Maabara

Hata hivyo hoja ya Kaskazini isitupwe, kwa kuwa jambo hilo hutokea pia bila baridi ikiwa mtu anachaji kwa mkondo mkubwa kupita kiasi. Mkwajuni, chaja yako imeandikwa ampea ngapi? Ikiwa ni 10 kwa betri ya Ah 40, itachukua zaidi ya saa nne kujaza, na kwa joto la pwani huo ni mwendo wa upole. Nisingeitafuta sababu huko.

#11 Mkwajuni

Asanteni sana. Chaja imeandikwa "87.6V 10A". Fundi amefungua kasha na tumefanya kama alivyoagiza Kisimani, mimi nikiandika, yeye akigusisha mita.

Mwisho wa kutoa umeme, seli ya 17 ilikuwa volti 2.50, na nyingine zote zilikuwa kati ya 3.10 na 3.18. Mwisho wa kuchaji, seli ya 4 ilifika 3.65 na BMS ikakata. Nyingine zilikuwa kati ya 3.48 na 3.62, lakini ya 17 ilikuwa 3.38 tu. Nikifuata maneno ya Kisimani, ya 17 inajaa mwisho na kuisha kwanza. Je, hiyo ina maana kwamba lithiamu haikupotea kabisa, na maelezo ya Mwalimu hayahusiki na betri yangu?

#12 Kisimani

Ina maana kwamba sehemu ya tatizo ni mpangilio. Fundi achukue chaja ndogo ya seli moja iliyowekwa volti 3.65, aijaze seli ya 17 peke yake mpaka mkondo ushuke karibu na sifuri, na aandike imekunywa Ah ngapi. Awe makini asigusishe waya na seli ya jirani. Kisha mchaji betri nzima na kuifunga tena kwenye mzigo.

Swali moja: usiku unapochaji, huwa unaiacha chaja mpaka asubuhi au unaichomoa mara taa ya kijani inapowaka?

#13 Mkwajuni

Naichomoa papo hapo taa inapowaka. Niliambiwa kuiacha kunaharibu betri, na pia umeme wa LUKU hauchezewi.

#14 Kisimani

Basi hapo pana jambo. BMS nyingi za pikipiki husawazisha seli kwa kupunguza zile zilizotangulia, na hufanya hivyo mwisho wa kuchaji tu, kwa mkondo mdogo sana, miliampea 50 hivi. Kwa mkondo huo, pengo la Ah 5 linahitaji saa 100 za kukaa kileleni. Wewe hujawahi kuipa hata saa moja.

#15 Mkwajuni

Majibu yamepatikana. Seli ya 17 imekunywa karibu Ah 5 peke yake. Betri nzima ilipofungwa tena kwenye mzigo imetoa Ah 33. Safari hii iliyokata ni seli ya 9, na nyingine zote, pamoja na ya 17, zilikuwa zimeshashuka kati ya 2.7 na 2.9. Nimeendesha leo mpaka saa kumi na moja jioni.

#16 Nyota ya Kusi

Hongera mkuu. Kwa hiyo Kisimani ameshinda, Mwalimu arudi maabara.

#17 Mwalimu wa Maabara

Nitarudi, lakini kwa hesabu. Kisimani amerudisha Ah 5, na ninamshukuru kwa kuzitenganisha. Zimebaki Ah 7 ambazo hakuna chaja itakayozirudisha, na ushahidi ni kwamba safari hii seli zote zimefika mwisho pamoja. Hakuna tena ya kulaumiwa peke yake. Zote 24 zimepungua karibu sawa, na upungufu wa namna hiyo ndio wa kemia.

Mkwajuni aliuliza kitu kilichofungwa kinaishaje, na inawezekana kukipima. Kila Ah moja kwenye seli moja inabebwa na gramu 0.26 hivi za lithiamu. Seli 24 za Ah 40 zinahitaji takriban gramu 250 kwa betri nzima. Ah 7 zilizopotea kwenye kila seli ni takriban gramu 43. Hizo gramu 43 zimo ndani ya kasha unalonyanyua, zimesambaa juu ya uso wa grafiti zikiwa utando, na mzani hauwezi kuona tofauti kwa sababu hazijatoka nje.

Ona pia jinsi hasara ya kila siku ilivyo ndogo. Tuseme betri imepita mizunguko 800. Kufika asilimia 82 na nusu kwa mizunguko hiyo, kila mzunguko ulinasa takriban asilimia 0.024 tu ya lithiamu iliyobaki. Kama ingekuwa asilimia 0.05, ungekuwa na theluthi mbili tu ya betri leo.

#18 Mhasibu wa Pangani

Mwalimu, hesabu yako inadhani kwamba kila mzunguko unanasa kiasi kile kile. Lakini kama utando unaziba njia ya elektroni, basi ukinenepa unapaswa kujikinga zaidi na kukua polepole zaidi. Hasara ya mwaka wa kwanza ingekuwa kubwa kuliko ya wa pili. Nina betri ya sola ya aina hiyo hiyo ambayo ilipungua haraka mwanzoni, kisha ikatulia. Huwezi kumwambia Mkwajuni kwamba kila mwaka atapoteza kama alivyopoteza.

#19 Mwalimu wa Maabara

Hoja yako ina uzito. Betri iliyokaa bila kutumika mara nyingi hufuata mwendo huo: hasara hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, yaani muda ukiwa mara nne, hasara inakuwa mara mbili. Lakini sikusema kila mwaka utafanana, nilitoa wastani wa mizunguko iliyopita. Na betri inayofanya kazi haipewi nafasi ya kutulia, kwa kuwa kutanuka kwa grafiti kunaupasua utando kila siku. Betri yako ya sola huenda inatumia theluthi ya ujazo wake usiku na kujazwa tena mchana. Ya Mkwajuni inatolewa mpaka tone la mwisho. Kuna zaidi ya hapo: baadhi ya seli zikishazeeka sana huanza kuporomoka ghafla, na mstari wako mzuri unavunjika.

#20 Babu Redio

Nimewasoma wote. Mwalimu anasema lithiamu imenaswa, Kisimani anasema seli iliachwa nyuma, Mhasibu anasema itatulia. Naomba mmoja wenu aniambie kwa nini seli ya 17 na si ya 3. Seli zote zilitoka kiwandani siku moja, zimekaa kasha moja, zimepitiwa na mkondo mmoja. Redio ikifa, nilikuwa nauliza kwanza kwa nini kipuri hiki na si jirani yake.

#21 Nyota ya Kusi

Babu kauliza la maana. Mkwajuni, pikipiki yako ina king'ora au kifaa cha kufuatilia kilichofungwa kwenye betri? Wengine huchota volti 12 kutoka seli chache badala ya betri nzima, na hizo zinabaki nyuma.

#22 Kisimani

Anayechota volti 12 huchota kwenye seli nne za mwanzo, kwa sababu ndizo zilizo karibu na waya hasi, na zote nne zingebaki nyuma kwa pamoja. Ya 17 iko peke yake katikati. Mimi nashuku bodi ya BMS. Kila seli ina kijiswichi chake cha kusawazisha, na kikishika kisizime, kinaendelea kuinyonya seli hiyo usiku na mchana. Nimewahi kukiona kwenye betri ya sola: ukigusa bodi iliyopumzika unakuta rezista moja ina joto na nyingine zimepoa.

#23 Mwalimu wa Maabara

Kisimani, kijiswichi cha miliampea 50 kikishika kingekula Ah 1.2 kwa siku. Pikipiki ingesimama ndani ya mwezi, wala tusingezungumza juu ya miaka miwili. Pengo la Ah 5 kwa muda wote huo ni uvujaji wa takriban robo ya miliampea, na huo unafanana zaidi na seli inayojitoa chaji yenyewe kwa ndani. Chembe ndogo ya metali iliyobaki kwenye plastiki ya katikati tangu kiwandani inatosha. BMS ingeweza kulifidia pengo hilo kama Mkwajuni angeiacha chaja saa moja tu baada ya taa ya kijani, kwa sababu saa moja ya miliampea 50 ni Ah 0.05, ilhali robo ya miliampea haili hata Ah 0.01 kwa siku.

#24 Kisimani

Hesabu hiyo ni sawa ikiwa kijiswichi kilishika tangu mwanzo. Kikiwa kimeanza wiki iliyopita, au kinashika na kuachia kadiri kasha linavyopata joto, Ah 5 zinaweza kutoka kwa siku nne tu. Mkwajuni, siku za joto pikipiki huiegesha wapi? Na seli ya 17 iko upande gani wa kasha?

#25 Mkwajuni

Kijiweni hakuna kivuli tangu mwembe ulipokatwa, kwa hiyo inakaa juani kuanzia asubuhi. Seli ya 17 iko upande wa kiti, imepakana na ukuta wa kasha unaotazama kontrola ya mota. Ukigusa hapo jioni mkono haukai. Lakini ya 16 na ya 18 ziko ukuta huo huo na hazina shida.

#26 Binti Mwera (Muscat)

Nimebadilisha betri ya simu, nashukuru kwa onyo. Fundi alipoitoa ilikuwa imevimba kama kidole gumba. Mkwajuni, tafuta kivuli hata kama ni cha turubai.

#27 Mwalimu wa Maabara

Njia ya kuamua kati yangu na Kisimani ipo. Jazeni betri, pumzisheni, kisha chomoeni plagi ya nyaya nyembamba za BMS ili bodi isiweze kugusa seli yoyote. Baada ya wiki mbili, jazeni seli ya 16, ya 17 na ya 18 moja moja na mwandike kila moja imekunywa kiasi gani. Ya 17 ikinywa zaidi bila bodi kuunganishwa, uvujaji uko ndani yake na inafaa ibadilishwe. Zikinywa sawa, shida ni bodi. Msitegemee volti peke yake.

#28 Mkwajuni

Wiki mbili bila pikipiki ni wiki mbili bila chakula nyumbani, Mwalimu.

#29 Kisimani

Basi fanya hivi. Jioni ukirudi, pikipiki ikiwa imezimwa na chaja haijafungwa, fundi akate waya mwembamba wa seli ya 17 kwenye plagi na aweke mita ya miliampea katikati, kisha afanye hivyo hivyo kwa waya wa seli ya mbali, kama ya 10, kwa sababu waya wa seli ya jirani unaweza kubeba mkondo huo huo. Apime kasha likiwa bado na joto la mchana, na apime tena alfajiri likiwa limepoa. Ikiwa wa 17 unasoma mkubwa jioni na mdogo alfajiri, bodi ndiyo mwizi. Zikilingana nyakati zote mbili, nitaanza kumsikiliza Mwalimu. Na kuanzia leo usiku, iache chaja saa moja zaidi baada ya taa ya kijani.